Sukari ya 2,600: duka linapojaa watu na faida ikakimbia

Masasi, mwezi wa pili. Pesa za korosho zimekwisha, mvua inanyesha, na duka moja la kujihudumia karibu na stendi limetoa ubao nje: SUKARI KILO 2,600. Maduka mengine yote siku hizo yalikuwa yanauza 3,000. Kabla ya saa nne asubuhi watu walikuwa wamepanga foleni hadi barazani, na mwenye duka alikuwa anatabasamu kama mtu aliyepata kura nyingi. Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia daftari. Jioni ya siku ya saba tulikaa kufunga hesabu, na tabasamu likaondoka.

Nataka kuieleza hesabu ile kwa utulivu, maana tangu siku hiyo nimeona duka baada ya duka, Masasi, Nachingwea na Mtwara mjini, likirudia kosa lile lile. Namba nitakazotumia nimezikata ziwe za mviringo ili zifuatike, lakini uwiano wake ndio ule niliouona.

Kuuza bidhaa moja kwa hasara ili kuvuta watu ni mbinu ya zamani, nayo haina ubaya. Sisi watu wa pwani tunaielewa haraka kwa sababu ni chambo. Mvuvi wa mshipi hutoa kipande cha ngisi ili apate changu. Bidhaa ya chambo hufanya kazi hiyo hiyo: unapoteza kidogo kwenye sukari, mteja akishaingia anachukua majani ya chai, sabuni, maziwa ya unga na pampasi za mtoto, vitu ambavyo vyote vina faida yako. Faida ya vile vingine inafidia hasara ya sukari na kubakiza kitu. Ndivyo inavyotakiwa kuwa. Ugumu ni kwamba wenye maduka wengi hawajui chambo chao kinagharimu kiasi gani, wala ni nani hasa anayekila.

Tuanze na gharama. Mfuko wa kilo 50 ulikuwa unatufikia mlangoni kwa 135,000, pamoja na usafiri na kuli wa kupakua. Ukigawa kwa 50 unapata 2,700 kwa kilo, na mwenye duka aliishia hapo: nikiuza 2,600 napoteza 100 tu. Lakini mfuko wa kilo 50 ukiupima kilo moja moja hautoi kilo 50. Kuna inayomwagika, kuna inayobaki kwenye mshono wa mfuko, na kuna ile nukta ndogo ambayo mizani inampa mteja kila unapopima. Sisi tulikuwa tunapata kilo 49 na nusu. Kwa hiyo kilo moja ilikuwa 2,727. Ongeza kifungashio, shilingi 23, inakuwa 2,750. Hasara halisi ilikuwa 150 kwa kilo. Ni nusu nzima zaidi ya ile aliyokuwa nayo kichwani, na alikuwa amekwisha kuandika ubao.

Hata hivyo, kosa kubwa halikuwa hilo.

Kabla ya ubao, duka lilikuwa linapata wateja kama 120 kwa siku. Kati yao 50 walikuwa wananunua kilo ya sukari kwa 3,000, na kila mmoja alikuwa anatuachia faida ya 250. Ubao ulipotoka, hawa 50 hawakwenda popote. Waliendelea kuja kama kawaida, ila sasa wanalipa 2,600. Mtu aliyekuwa anatuingizia 250 sasa anatutoa 150. Tofauti ni 400 kwa kila mmoja. Mara 50, ni 20,000 kila siku, kwa watu ambao wangekuja hata kama pasingekuwa na ubao wowote.

Sasa wageni. Waliongezeka 70 kwa siku, na kwa wastani kila mmoja alichukua kilo moja na nusu. Hizo ni kilo 105, kila kilo hasara ya 150, jumla 15,750. Jumlisha na zile 20,000 za wateja wa zamani, chambo kilikuwa kinatugharimu 35,750 kwa siku.

Je, tulivua nini? Kati ya wale wageni 70, 30 walichukua sukari peke yake wakaondoka. Waliobaki, 40, walichukua na vitu vingine vya kama 5,500 kila mmoja. Faida yetu kwenye vitu hivyo, ukichanganya vyenye faida nene na vyenye faida nyembamba, ilikuwa kama asilimia 16, yaani 880 kwa mteja. Mara 40 unapata 35,200.

Toa 35,200 kwenye 35,750. Tulikuwa tunapoteza 550 kila siku, kabla hujamlipa yule kijana wa ziada aliyekuja kufunga sukari.

Angalia sasa upande wa mauzo, maana hapo ndipo macho yanapodanganywa. Kabla ya ubao tulikuwa tunauza kama 780,000 kwa siku. Wakati wa ubao tuliuza 1,253,000. Mauzo yamepanda kwa asilimia 60, droo imejaa, foleni iko barazani, majirani wanatazama kwa husuda, na duka linazalisha faida ndogo kuliko lilivyokuwa limetulia wiki iliyopita. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa ilipotea huku ikipiga kelele kama harusi. Na kwa wadogo zaidi yetu, wale ambao mauzo yao ya mwaka hayazidi milioni 100 na TRA inawakadiria kodi kwa mauzo, kilo ya hasara nayo inahesabiwa kama mauzo. Unapoteza kwenye sukari, kisha makadirio yanapanda.

Mwenye duka aliniuliza swali ambalo ndilo la kuuliza: "Sasa wale 30 wa sukari peke yake ndio waliotumaliza?"

Nikamwambia hapana, bosi. Wale 30 wamechangia, lakini angalia ile 20,000. Zaidi ya nusu ya gharama yote ya chambo imekwenda kwa watu waliokuwa wetu tayari. Kama tusingekuwa na wateja wa zamani wa sukari hata mmoja, gharama ingekuwa 15,750, na tungehitaji wageni 18 tu kati ya 70 wanunue kitu kingine ili tutoke salama. Kwa sababu ya wale 50 tulihitaji 41. Tulipata 40.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa kila mwenye duka wa Kusini alishike. Tukisikia kuuza kwa hasara, tunafikiria hasara ya kumpa mgeni. Hasara nene iko kwa mwenyeji. Kila unapopunguza bei ya kitu ambacho wateja wako wa kila siku wanakinunua kwako, unawalipa kufanya walichokuwa wanakifanya bure. Kwa hiyo sifa ya kwanza ya chambo kizuri inakwenda kinyume na tunavyozoea: kiwe kitu ambacho watu wa mjini wananunua kila siku, lakini kwako hawakinunui sana. Sisi tuliweka chambo kwenye bidhaa yetu inayotoka kuliko zote.

Sukari ina ubaya mwingine, haiozi. Siku ya tatu niligundua kwamba watoto watatu walikuwa wanarudi rudi, kila mmoja na 5,200 mkononi, kilo mbili mbili. Walikuwa wanatumwa na wenye maduka wa mtaa wa nyuma. Hata mama mmoja mpika vitumbua alijaza ndoo ya mwezi mzima. Sikuwalaumu. Bei ya jumla ilikuwa 2,700 na sisi tulikuwa tunauza 2,600, kwa hiyo kwa mwenye duka mwenzetu sisi ndio tulikuwa wauzaji wa jumla wa bei nafuu kuliko wote Masasi.

Kiwango cha kilo mbili kwa mtu tulichokuwa tumekiweka kilisaidia, na inafaa kueleza kwa nini kinasaidia na kinakomea wapi. Mwenye duka wa mbali akimtuma mtu kwa bodaboda, nauli ya 1,000 inahitaji kilo 10 ili irudi, maana anaokoa 100 tu kwa kilo. Ukimzuia kwenye kilo mbili, safari haimlipi. Lakini mwenye duka wa mita hamsini hana nauli. Yeye ana watoto na miguu yao. Kwa hiyo kiwango kinawazuia walanguzi wa mbali, hakiwazuii wa jirani. Kinachowazuia wa jirani ni kimoja tu, bei yako isishuke chini ya ile anayonunulia yeye. Hapo mpaka ni 2,700. Ukiuza 2,750 bado uko chini ya soko kwa 250, ubao bado una nguvu, na hakuna mwenye duka atakayekutumia mtoto.

Nitaje na barabara, kwa sababu sisi Kusini hatuna kiwanda cha sukari. Mzigo wetu unapita Kibiti, Somanga, Nangurukuru, hadi njia panda ya Mnazi Mmoja ndipo ukate kuja Masasi. Mei 2024 mvua zilizokuja na kimbunga Hidaya ziliposomba madaraja upande wa Somanga, malori yalikwama kwa siku kadhaa. Mwenye ubao wa sukari ya hasara wakati kama ule anauza mfuko alioununua 135,000 bila kujua mfuko wa kurudishia utakuwa kiasi gani. Hasara ya chambo inapimwa kwa bei ya kurudisha mzigo. Ile iliyoandikwa kwenye risiti ya wiki jana haikusaidii. Na mwaka ule ule ulikuwa umeanza kwa sukari kuadimika nchi nzima, kwa hiyo mtu aliyefanya sukari kuwa kivutio chake alikuwa amejifunga kwa kamba ambayo mwisho wake uko mikononi mwa wengine.

Basi chambo kizuri ni kipi?

Kuna kampuni ya Marekani ya maghala ya rejareja, Costco, ambayo kwa miaka mingi imeuza kuku mzima wa kuchoma kwa dola 4.99 na kukataa kupandisha, hata pale kuku wabichi walipopanda bei. Wasimamizi wake wamewahi kukiri wazi kwamba wanaacha mamilioni ya dola ya faida kwa kung'ang'ania bei hiyo. Kuku huyo huwekwa mwisho kabisa wa ghala, ili mteja apite kwenye kila kitu kabla hajamfikia. Watu wengi wakiisimulia habari hii wanasifia ujanja wa kumweka nyuma. Mimi nakitazama kitu kingine: kuku wa kuchoma wa moto hawekeki. Hakuna anayenunua 20 akajaze stoo, na hakuna mwenye duka anayemnunua akamuuze kesho. Hasara ya kampuni inakomea kwenye kuku mmoja kwa familia moja, na familia hiyo lazima irudi wiki ijayo kwa miguu yake yenyewe.

Kwetu kitu cha namna hiyo ni mkate.

Tulijaribu. Duka lile lilikuwa linauza mikate 15 tu kwa siku, kwa sababu watu walizoea kununua mkate kwenye vibanda njiani. Tulikuwa tunaupata kwa 1,300 na kuuza 1,500 kama wengine. Tukaushusha hadi 1,200. Wale wateja 15 wa zamani kila mmoja alitugharimu 300, yaani faida ya 200 tuliyoikosa na hasara ya 100 tuliyoipata, jumla 4,500. Wageni 60 wakaongezeka, mkate mmoja mmoja, hasara ya 100 kila mmoja, jumla 6,000. Chambo kizima kikawa 10,500, chini ya theluthi moja ya kile cha sukari.

Na mkate hauliwi mkavu. Anayeununua jioni anawaza chai ya asubuhi, kwa hiyo mkono unakwenda kwenye majani, kwenye siagi, kwenye mayai, na kwenye sukari ambayo sasa tulikuwa tunaiuza kwa bei yenye faida. Nusu ya wageni, 30, walibeba vitu vingine vya kama 4,000. Kikapu kilikuwa kidogo kuliko cha wale wa sukari. Kwa asilimia 16 ni 640 kwa mtu, jumla 19,200. Toa 10,500, zinabaki 8,700. Bado kuna mikate inayolala. Tulikuwa tunabakiwa na mitatu kwa siku, na kwa 1,300 kila mmoja hiyo ni 3,900. Mwisho wa yote faida ya ziada ilikuwa 4,800 kwa siku.

Shilingi 4,800 ni kidogo, na sitaki kuikuza. Lakini ni faida, na ilipatikana bila foleni barazani wala kijana wa ziada. Yale mauzo makubwa ya sukari yalituachia hasara ya 550. Ukiagiza mikate 70 badala ya 78, hata ile 3,900 inapungua, ingawa sasa utakuwa na watu wanaofika saa mbili usiku na kuambiwa umeisha. Hapo kuna uamuzi wa kufanya kila siku, na hakuna kanuni inayoweza kukufanyia.

Kumwambia mtu umeisha si jambo dogo. Kuna maduka yanaandika bei ya hasara kwenye ubao, yanaweka mifuko miwili, na saa tatu asubuhi jibu ni: "Ile imeisha, mama, ila ipo ya pakiti, 3,400." Huo si uvuvi tena, ni uongo, na Sheria ya Ushindani ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Nje ya sheria, mama yule ametembea kutoka Mkomaindo na hatarudi, naye ana majirani. Chambo cha kweli lazima kiwepo mpaka duka linafungwa, la sivyo andika kwenye ubao ule ule una kiasi gani.

Kuna jambo jingine ambalo watu wa maduka ya kaunta wanapaswa kulisikia, nao ndio wengi kwetu. Duka lile lilikuwa la kujihudumia. Mteja anaingia, anapita kwenye rafu, anaona. Kwenye duka la kaunta mteja anasimama nje ya nondo, anasema "nipe mkate", anapewa, anageuka. Hajaona chochote. Mahali hapo chambo kinafanya kazi kwa mdomo wa muuzaji tu, na wauzaji wengi wamechoka au wanatazama simu. Kama kaunta yako haiulizi "na majani ya chai yapo nyumbani?", usiweke chambo kabisa. Utakuwa unagawa.

Sasa nirudi kwenye ule mwezi wa pili. Mara nyingi nimejiuliza kama sukari ingetulipa Novemba. Naamini ingetulipa. Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima kupitia vyama vya msingi, mtu anayeshuka Masasi kutoka kijijini hanunui kilo moja na nusu ya sukari na vitu vya 5,500. Ananunua shuka, sufuria, sabuni ya mwezi, viatu vya mtoto. Mteja wa sukari akibeba vitu vya 9,000 badala ya 5,500, faida kwake ni 1,440, na unahitaji watu 25 tu kati ya 70 ili ile 35,750 irudi. Ubao ni ule ule na bei ni ile ile, lakini mfuko wa mteja umebadilika. Mwezi wa pili mtu alikuwa na pesa ya sukari na hakuwa na nyingine, kwa hiyo alichukua chambo akaondoka. Hakuwa mjanja wala mchoyo. Hakuwa na kitu.

Ndiyo maana huwa nashangaa kuona chambo kikubwa kikiwekwa msimu wa njaa ili "kuamsha biashara". Biashara ikilala kwa sababu mifuko ya watu ni mitupu, chambo hakiiamshi. Chambo kinahamisha wateja kutoka duka hadi duka. Hakiwatengenezei wateja pesa.

Wachumi watatu wa Marekani walichapisha mwaka 2003 uchunguzi wa bei katika maduka ya Dominick's ya Chicago, wakaonyesha jambo linalogongana na uzoefu wetu. Samaki wa kopo aina ya jodari hununuliwa zaidi wakati wa Kwaresima, na bei yake katika maduka yale ilishuka wakati huo huo wa kutakiwa sana. Sababu yake ni hii tunayoizungumza: wakati watu wengi wanakitafuta kitu fulani, kitu hicho ndicho chambo chenye nguvu kuliko vyote, na kila duka linashindana kukitangaza. Msomaji wa Lindi atauliza, basi mbona kwetu Ramadhani sukari na unga wa ngano hupanda? Nadhani majibu ni mawili. Moja nimekwisha kulitaja, mzigo wenyewe ni haba na uko mbali, na chambo kinahitaji ghala lililojaa. La pili ni kwamba futari yetu hainunuliwi mahali pamoja. Nazi na mihogo ni sokoni, tende kwa mtu wa barazani, samaki feri, sukari dukani. Duka likipunguza sukari, faida ya nazi inakwenda kwa mwingine. Chambo kinamlipa yule tu mwenye kikapu kizima chini ya paa lake, na wenye kikapu kizima kwetu ni wachache sana.

Hapa ndipo baadhi ya watu wanapoingiwa na hofu: wakija wakubwa wenye kikapu kizima, si watawaua wenye maduka wadogo kwa chambo? Hofu hii ina historia. Ufaransa ilipiga marufuku kuuza chini ya bei ya kununulia tangu 1963. Ujerumani, Septemba 2000, mamlaka yao ya ushindani iliwaamuru Wal-Mart, Aldi Nord na Lidl waache kuuza maziwa, sukari, unga na vitu vingine vya msingi chini ya gharama. Kwetu sheria ya 2003 haimkatazi kila mtu kuuza kwa hasara. Inamtazama mwenye nguvu kubwa sokoni, kwa kipimo cha sehemu ya soko husika anayoishika, anapotumia nguvu hiyo vibaya. Naona mpaka huo uko mahali pake. Duka moja la Masasi likiuza mkate kwa hasara halimuui mtu. Na mwenye duka mdogo wa mtaani anashikiliwa na vitu viwili ambavyo duka kubwa haliviwezi: anakopesha kwa daftari, na anapima robo.

Hii robo ndiyo iliyonifanya niandike.

Jioni ile ya hesabu nilitazama majina ya wageni wetu wa sukari, wale niliowafahamu. Walimu, wauguzi, madereva, wafanyakazi wa halmashauri. Sikuona hata mmoja wa wale wanaoshika mifagio stendi au wanaouza karanga. Sababu ni rahisi. Ubao ulisema kilo 2,600, na kuokoa 400 kulihitaji uwe na 2,600 taslimu mkononi. Mwenye 800 alikwenda duka la mtaani akanunua robo, na robo kwa 800 ni sukari ya 3,200 kwa kilo. Yule anayehitaji nafuu kuliko wote ndiye aliyekuwa ananunua sukari ghali kuliko wote, na chambo chetu, chenye gharama yote ile, hakikumgusa.

Nikapiga hesabu ya robo. Sukari ya 682, kifungashio 23, jumla 705. Tukiiuza 700 tunapoteza shilingi tano. Tano tu. Mteja anaokoa 100 kwenye 800, na kwa mwenye 800 mkononi hiyo mia ni kiberiti na chumvi. Mwenye duka wa jirani haji kuinunua, kwa sababu 700 kwa robo ni 2,800 kwa kilo na yeye anapata jumla kwa 2,700. Hatari iko kwa wateja wetu wa kilo: watajua kwamba robo nne ni 2,800 wakati kilo ni 3,000, na baadhi watachukua robo nne. Kwa hiyo robo mbili kwa mtu, na tuvumilie wachache watakaotuma watoto.

Mwenye duka hakupenda mwanzoni. Alisema watu wa robo wananunua vitu vya mia mia, wanajaza duka bila kuacha kitu. Nikamwambia tuwahesabu. Kijana wa kaunta alipewa daftari la shule, ukurasa mmoja umegawanywa katikati kwa kalamu: upande wa kushoto msitari kwa kila mtu wa robo peke yake, upande wa kulia msitari kwa kila mtu wa robo na kingine. Mashine ya EFD inaweza kukuonyesha hayo hayo ukipitia risiti moja moja, lakini ukurasa ule unausoma kwa jicho, na mwenye duka aliuamini kwa sababu aliuona ukijaa.

Baada ya siku kumi upande wa kulia ulikuwa na misitari 143, wa kushoto 96. Vitu vyao vilikuwa vidogo kweli, kipande cha sabuni, majani ya paketi ndogo, mafuta ya kupima, wastani wa 1,500. Faida yake kwa asilimia 16 ni 240 kwa mtu, yaani 34,320 kwa siku kumi, na hasara ya sukari yote, hata tukisema kila mtu alichukua robo mbili, ilikuwa 2,390. Mwenye duka alichukua kalamu akaipiga mwenyewe mara mbili. Kisha akatoka nje, akaushusha ubao wa mkate kidogo, na juu yake akaandika kwa chaki: ROBO 700.